Chunusi za mgongoni: begi, jasho na dawa inayofika

Chunusi ya usoni ina bahati ya kuonekana. Mwenye nayo huiona kila anapojitazama kwenye kioo, huulizia dukani, hununua krimu, na baada ya muda anajua kama inamsaidia. Ya mgongoni hufunikwa na shati. Inauma mtu anapoegemea kiti cha daladala, inaacha tone la damu kwenye singilendi, kisha shati jingine likivaliwa inasahaulika. Wengi huanza kuishughulikia harusi inapokaribia na gauni lina mgongo wazi. Hapo huichukua ile ile krimu ya usoni, wakajipaka sehemu mkono unapofika, na tyubu ikaisha kabla dawa haijafanya lolote.

Si tatizo la wachache. Karibu nusu ya watu wenye chunusi usoni wanazo pia mgongoni au kifuani, na wapo ambao uso wao ni safi kabisa ila mabega yamejaa. Chanzo ni kile kile. Uso, sehemu ya juu ya kifua na sehemu ya juu ya mgongo ndipo tezi za mafuta zilipo nyingi na kubwa. Kila tezi humwaga mafuta yake kwenye kitundu cha unywele. Balehe inapoanza homoni huzichochea tezi hizo, seli zilizokufa hushikamana mdomoni mwa kitundu badala ya kudondoka, na kitundu huziba. Ndani yake mafuta hurundikana, bakteria wanaoishi humo siku zote huongezeka, na ngozi inayokizunguka huvimba na kuwa na usaha. Hadi hapo mgongo na uso havina tofauti. Tofauti inaletwa na mambo mawili: nguo inayogusa mgongo kutwa nzima, na ugumu wa kuufikishia dawa.

Tuanze na jasho, maana ndilo linalolaumiwa zaidi. Jasho la mgongoni na kifuani hutoka kwenye tezi zake lenyewe, zenye mirija yake hadi juu ya ngozi, wala halipiti katika vile vitundu vya mafuta. Kwa hiyo kutoka jasho peke yake hakuleti chunusi, na mtu mwenye chunusi si lazima awe mchafu. Shida huanza jasho linapokosa pa kwenda. Chini ya fulana ya nailoni iliyobana, ngozi hubaki na unyevu kwa saa nyingi. Tabaka la juu hulowa na kufura, na midomo ya vitundu ambayo tayari ni myembamba hubanwa zaidi. Katika Vita Vikuu vya Pili madaktari wa kijeshi waliliona jambo hili kwa ukali wake: askari waliopelekwa kwenye nchi za joto na unyevu walipata chunusi kubwa za mgongoni, zikasambaa hadi makalioni na mapajani. Anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hahitaji kuelezwa unyevu huo ni upi.

Kitu cha pili ni msuguano. Mwaka 1975 madaktari wawili wa Marekani, Mills na Kligman, walieleza kwa kina chunusi zinazoletwa na kitu kinachokandamiza na kusugua ngozi. Mifano ilikuwa ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ambao huvaa mito migumu mabegani, na watu wenye mikanda au vifaa vinavyogusa sehemu moja ya mwili mara kwa mara. Ngozi inayosuguliwa hujikinga kwa kuongeza unene wa tabaka lake la juu, na unene huo huziba vitundu. Palipokuwa na kizibo kidogo kisichoonekana, mgandamizo hukipasua kwa ndani, mafuta yakavuja kwenye nyama, na kipele chekundu kikatokea. Msuguano, joto, mgandamizo na unyevu vikikutana mahali pamoja, hata mtu ambaye asingekuwa na chunusi nyingi huzipata hapo.

Uzuri wa chunusi za namna hii ni kwamba zinajichora. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 24 anayesambaza chakula kwa pikipiki jijini Dar es Salaam. Mgongoni amebeba begi kubwa la mraba lenye kuta ngumu. Chini yake kuna koti zito la kuzuia upepo, na chini ya koti fulana ya poliesta yenye nembo ya kazi. Anatoka saa mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Uso wake una chunusi tatu tu. Akivua fulana unaona mistari miwili ya vipele ikishuka kutoka mabegani hadi kwapani, pale pale mikanda ya begi inapokaa. Katikati ya kifua, mkanda mdogo unaounganisha ile miwili unapofungwa, kuna kundi la vipele vinne vigumu. Na chini ya mabega pana eneo pana lenye vichwa vyeusi na madoa, ambapo begi lenyewe huegemea. Kiunoni, ambako begi haligusi, ngozi ni laini.

Ramani hiyo inasema mengi kuliko kipimo cha damu. Kwa mwanamke mwenye sidiria ya mazoezi inayobana, vipele hufuata ukingo wa chini wa sidiria na njia ya mikanda yake. Kwa mwanafunzi mwenye mkoba wa vitabu huwa mabegani. Kwa mtu anayepaka mafuta mazito kwenye nywele, au anayesuuza nywele na kuacha krimu itiririke mgongoni, huanzia shingoni na kushuka. Vipele vikiwa vimetapakaa mgongo mzima bila kufuata nguo yoyote, na uso nao umejaa, hiyo ni chunusi ya kawaida ya homoni. Nguo inaichochea tu, na kubadili begi peke yake hakutaiondoa.

Kabla ya kununua dawa ni vizuri kuhakikisha kwamba ni chunusi kweli. Kuna vipele viwili vinavyofanana nazo na ambavyo dawa za chunusi huviacha vilivyo au huvizidisha. Cha kwanza ni cha fangasi anayeishi kwenye vitundu vya nywele. Huyu naye anapenda joto na mafuta. Vipele vyake vinalingana, vidogo kama kichwa cha pini, vimejaa juu ya mgongo na kifua, na vinawasha, hasa baada ya kutoka jasho. Chunusi ya kweli huwa mchanganyiko: hapa kichwa cheusi, pale kipele cha usaha, pembeni uvimbe mgumu, nayo huuma zaidi kuliko kuwasha. Dalili kubwa ya fangasi ni kwamba mtu alimeza antibayotiki na vipele vikaongezeka, kwa sababu dawa iliua bakteria waliokuwa wakishindana na fangasi. Hapa hutumika shampuu ya ketokonazoli ya 2%, ambayo hupakwa mgongoni, huachwa dakika tano na kuoshwa. Isiposaidia, daktari anaweza kuandika vidonge vya kuua fangasi.

Cha pili ni kipele cha steroidi. Wanaojipaka mkorogo wanakijua hata kama hawakijui jina. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazochanganywa mitaani zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, na wapo pia wanaomeza vidonge vya deksamethasoni ili wanenepe. Baada ya wiki chache, vipele vya ukubwa mmoja hulipuka kwa pamoja kifuani, mabegani na mgongoni, bila vichwa vyeusi. Dawa ya kwanza ni kuondokana na hiyo steroidi, lakini aliyeitumia kwa muda mrefu, hasa ya kumeza, asiikate ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Sindano na vidonge vya kutunisha misuli huleta tatizo la jamii hiyo hiyo. Anayevitumia akiona chunusi za mgongoni zinageuka vidonda ghafla, huku ana homa na viungo vinauma, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa kijana wetu. Anazo chunusi za kweli, na alishajaribu kuzitibu. Alinunua tyubu ya gramu 30 ya jeli ya chunusi, ile ambayo usoni hudumu miezi miwili. Hesabu ilimkataa. Krimu inayofunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ina uzito wa karibu nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mabega na nusu ya juu ya mgongo huchukua kama viganja sita. Sehemu ya juu ya kifua kama vinne. Jumla ni viganja kumi, yaani pingili tano, yaani gramu mbili na nusu kwa kila upakaji. Tyubu yake inaisha siku ya 12, wakati dawa za chunusi huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili kuonyesha matunda. Alichofanya ni kile wanachofanya wengi: alijinyima, akapaka nukta juu ya kila kipele alichokiona na kuacha vitundu vilivyoziba ambavyo vingekuwa vipele wiki iliyofuata.

Ndiyo maana kwa mwili njia inayofaa zaidi kuanza nayo ni dawa ya kuoshea. Inayoaminika ni benzoili peroksaidi. Huua bakteria wa chunusi kwa oksijeni, na tofauti na antibayotiki, bakteria hawaizoei. Usoni kiasi cha 2.5% hutosha, mgongo una ngozi nene na huvumilia 5% hadi 10%. Siri yake ni muda. Ikipakwa na kuoshwa papo hapo kama sabuni, haipati nafasi ya kuingia kwenye vitundu. Utafiti mmoja wa Marekani ulipima povu la 9.8% lililoachwa mgongoni dakika mbili tu kila siku, na katika wiki mbili bakteria walikuwa wamepungua sana. Kwa dawa za 5% madaktari wengi husema dakika mbili hadi tano. Kama dukani hakuna ya kuoshea, jeli ya kawaida ya 5% inaweza kutumika kwa mtindo huo huo: ipakwe kwa wepesi juu ya eneo lote, iachwe dakika tano, ioshwe. Inakausha ngozi kidogo kuliko kulala nayo, ila hesabu ya tyubu inabaki pale pale, kwa hiyo chupa kubwa ya kuoshea ndiyo yenye nafuu.

Bafuni mpangilio una maana yake. Nywele zioshwe kwanza, ili mafuta na sabuni zake zisibaki mgongoni baada ya dawa. Mgongo umwagiwe maji, dawa ipakwe kwa mkono, na pale mkono usipofika kitumike kitambaa laini kirefu kinachoshikwa ncha zote mbili, kipitishwe taratibu. Muda wa kusubiri unatosha kusugua miguu au kupiga mswaki. Kisha maji mengi. Dodoki libaki kwa nyayo. Wanaougua chunusi za mgongoni hulitumia kwa nguvu wakidhani wanazibua vitundu, kumbe wanaongeza msuguano ule ule wa mkanda wa begi na kupasua vipele kwa ndani.

Benzoili peroksaidi ina kero mbili. Inachuja rangi za nguo: taulo la bluu hutoka na mabaka ya rangi ya chungwa ambayo hayatoki tena, na shati la sare likivaliwa mgongo haujaoshwa vizuri litapata yake. Taulo jeupe na singilendi nyeupe humaliza tatizo. Ya pili ni kwamba dawa hii huharibika kwa joto, kwa hiyo isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani wala dirishani chini ya bati. Kifua, ambacho ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mgongo, hukauka mapema. Kikianza kuwasha na kuchubuka, kifua kioshwe kwa dawa siku moja na kupumzishwa siku inayofuata, huku mgongo ukiendelea.

Dawa ya kuoshea hushughulika zaidi na bakteria. Kuzibua vitundu kunahitaji dawa nyingine, na hapo ndipo zinapoingia krimu za kundi la retinoidi, mfano adapalini ya 0.1%. Hupakwa usiku, ngozi ikiwa kavu, kwanza mara tatu kwa wiki, kisha kila usiku mwili ukizoea. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha trifarotini, retinoidi ambayo tangu mwanzo ilipimwa usoni na pia mgongoni, mabegani na kifuani. Hutoka kwenye chupa ya kubonyeza: bonyezo moja kwa uso, mawili kwa kifua, mabega na sehemu ya juu ya mgongo, na moja zaidi kama mgongo wa kati na wa chini nao una vipele. Mpangilio huo unaonyesha wazi jinsi mwili unavyokula dawa kuliko uso. Mwanamke mjamzito au anayetafuta mimba asitumie retinoidi. Benzoili peroksaidi na asidi ya azelaiki ndizo anazoweza kuzungumza na daktari wake.

Pale ambapo eneo ni pana na vipele ni vya ndani, kupaka peke yake hakutoshi. Daktari anaweza kuongeza doksisaiklini, mara nyingi miligramu 100 kwa siku, kwa miezi mitatu au minne na si zaidi, huku benzoili peroksaidi ikiendelea ili bakteria wasijenge usugu. Humezwa kwa maji mengi, na mtu asilale muda mfupi baadaye, maana inaweza kuchoma koo la chakula. Haitolewi kwa wajawazito, na hufanya ngozi iungue haraka na jua. Ikishindikana, au makovu yakianza, kuna vidonge vya aisotretinoini, ambavyo hupunguza tezi za mafuta zenyewe. Ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote, na pia yenye masharti makali kuliko zote: huharibu mimba na kusababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke hupimwa mimba kabla ya kuanza na hutumia uzazi wa mpango usio na mashaka. Si ya kununua bila kuandikiwa.

Mpango wa kijana wetu hauanzi na vidonge. Unaanza na begi. Likifungwa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki badala ya kubebwa, mistari miwili ya mabegani inakosa kinachoilisha. Chini ya koti anavaa singilendi ya pamba isiyobana, na ya pili iko kwenye mfuko wa plastiki: mchana, wateja wakipungua, anabadilisha ile iliyolowa. Nguo za mazoezi zinazonyonya jasho na kukauka haraka nazo zinafaa, mradi hazibani. Kinachodhuru ni kubaki na kitu kilicholowa na kinachosugua. Akirudi usiku anaoga mara moja kwa ile dawa ya kuoshea, na usiku tatu kwa wiki ndugu yake anampaka adapalini mahali mkono wake usipofika.

Wiki mbili za kwanza ngozi itakauka kidogo, na losheni nyepesi isiyo na mafuta mazito itamtosha. Mafuta ya nazi aachane nayo mgongoni, kwa kuwa huziba vitundu kwa urahisi. Mwisho wa mwezi vipele vya zamani bado vipo, ila vipya vimepungua, na hicho ndicho cha kuhesabu. Wiki ya 12 ndiyo ya kutoa hukumu. Picha ya mgongo iliyopigwa kwa simu siku ya kwanza, kwenye mwanga ule ule, huamua kwa haki kuliko kumbukumbu. Ikiwa mistari ya mabegani imefutika lakini kifua bado kina vipele vigumu, nguo imefanya kazi yake na kilichobaki ni cha daktari. Ikiwa mistari ipo vile vile, mtu ajiulize kama begi limetoka mgongoni kweli.

Kwa ngozi nyeusi kuna sababu ya kutosubiri. Kila kipele huacha doa jeusi ambalo hudumu miezi, na mgongoni madoa hukawia kufifia kuliko usoni. Watu wengi hudhani madoa hayo ni chunusi bado, wakaongeza dawa hadi wakaichubua ngozi, au wakakimbilia mkorogo na kupata vipele vya steroidi juu ya madoa. Doa halina uvimbe wala maumivu. Linahitaji muda, na retinoidi inayozibua vitundu hulisaidia kufifia.

Kubwa kuliko doa ni kovu linalokua, keloidi. Kifua, mabega na sehemu ya juu ya mgongo ndizo sehemu ambazo kovu la namna hiyo hupenda kuota, na watu wenye ngozi nyeusi hulipata kwa wingi zaidi. Kipele kimoja kilichotumbuliwa kwa kucha katikati ya kifua kinaweza kuacha uvimbe mgumu unaowasha na kutambaa kupita ukubwa wa kipele chenyewe. Sindano za steroidi ndani ya kovu hulilainisha, lakini kulikata bila tiba nyingine mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye kovu kama hilo popote mwilini, hata la kutoboa sikio, asianze na majaribio ya miezi mitatu. Aende moja kwa moja kwa mtaalamu wa ngozi. Katika Tanzania na nchi jirani wataalamu hao hawapatikani hospitali kubwa pekee. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 kimekuwa kikifundisha madaktari na maofisa tabibu wa ngozi wanaofanya kazi hadi mikoani. Akienda, asijisafishe kwa dodoki wala kujipaka chochote siku hiyo, abebe kila krimu aliyowahi kutumia, na aje na nguo na begi anavyovaa kazini, maana daktari atataka kuona vinagusa wapi.